Muwasho na wekundu sehemu za siri kwa sababu ya sabuni, pedi au kujisafisha ndani: tupeane uzoefu

Nuru26
Wapendwa, nianze na yangu. Miezi minne nimewashwa huku chini hadi usingizi ukakata. Duka la dawa wakanipa krimu ya fangasi. Siku mbili nafuu, ya tatu inachoma kama pilipili. Nikanunua nyingine, yale yale. Nilipoenda kupimwa, fangasi hakuna na mkojo safi. Mhudumu akaniuliza swali moja tu: wekundu umeanzia wapi na umeishia wapi?

Nikarudi nyumbani nikachukua kioo. Mistari miwili, kulia na kushoto, imenyooka kama imepigwa rula, pale pale mbawa za pedi zinapojikunjia. Katikati ya mkunjo wa paja ngozi nzima kabisa. Mimi nilikuwa navaa zile pedi nyembamba za manukato kila siku, hedhi au si hedhi. Nani mwingine yamemkuta?

Mama Pacha
Pole dada. Hiyo ni fangasi tu, vipimo navyo hukosea. Acha sabuni, vaa chupi za pamba, halafu jisafishe ndani kwa maji ya vuguvugu na chumvi kidogo. Mimi hufanya hivyo kila hedhi ikiisha.

Kungwi wa Kliniki
Mama Pacha, sabuni na pamba umesema kweli. Hapo kwenye chumvi tutagombana. Ndani ya uke kuna tindikali, pH yake kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi ni kama 3.8 hadi 4.5, na inatunzwa na bakteria wazuri wanaoishi humo. Ukimwaga maji humo, ya chumvi, ya siki, hata maji matupu, unawafukuza hao walinzi. Harufu inakuja, unaosha zaidi, inazidi. Wengi niliowahudumia walikuwa wanazunguka humo humo.

Nuru, mhudumu wako ni mjuzi. Wekundu wenye mpaka, unaofuata umbo la kitu kinachogusa ngozi, unanifanya nishuku hicho kitu kwanza. Fangasi hupenda kuingia ndani ya mikunjo, na mara nyingi huja na ute mzito mweupe kama maziwa yaliyoganda. Ila kwa sisi weusi usitafute wekundu tu, mara nyingi huonekana zambarau au kahawia iliyokoza. Na hizo krimu nazo zina viambato vinavyoweza kuchoma ngozi iliyokwisha kuchubuka.

Baba Shani
Mimi mwanaume, ila nikinyoa huku chini natoka vipele siku ya pili. Nitumie pedi gani?

Kungwi wa Kliniki
😂 Baba, wewe tatizo ni wembe. Punguza nywele kwa mkasi, basi.

Tausi_K
Nuru, uliponaje lakini? Mimi nimehamia pedi za kitambaa na bado nawashwa.

Nuru26
Niliacha vyote kwa mpigo. Nanawa nje tu, mara moja kwa siku, maji matupu na kiganja, bila dodoki. Najikausha kwa kugusagusa taulo, sisugui. Kisha napaka mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kidogo sana. Usiku silali na chupi. Siku ya kumi muwasho ukatulia, ngozi ikarudi kama wiki ya tatu.

Baadaye nikarudisha kimoja kimoja, kila kimoja wiki nzima. Pedi ya hedhi isiyo na manukato haikunifanya kitu. Sabuni ya kuogea ilinichoma dakika ile ile. Ile pedi nyembamba ilinidanganya: siku ya kwanza kimya, ya pili jioni mistari ikarudi.

Kungwi wa Kliniki
Umeona tofauti? Sabuni inachubua tu, ingemchubua yeyote akizidisha. Kinachochelewa siku moja au mbili huenda ni mzio, na mzio unaweza kuanza kwa kitu ulichokitumia miaka. Kujua ni manukato au gundi, mpaka upimwe mzio kwa vibandiko mgongoni.

Tausi, hicho kitambaa unakifulia nini?

Tausi_K
Sabuni ya unga na kilainisha nguo, ili kinukie.

Kungwi wa Kliniki
Acha kilainisha, suuza mara mbili tatu mpaka maji yasitoe povu. Ukiona malengelenge, kidonda, homa, ute wenye harufu, ngozi iliyogeuka nyeupe, au wiki mbili zimepita bila nafuu, au una mimba, nenda ukaangaliwe. Na zile krimu zenye dawa tatu ndani ya tyubu moja msijinunulie. Zina steroidi, zinatuliza haraka na zikitumika muda mrefu zinaifanya ngozi iwe nyembamba.

Mama Pacha
Mbona mimi na chumvi yangu sijawahi kuwashwa?

Tausi_K
Nimesuuza mara tatu leo. Hedhi yangu wiki ijayo, nitarudi kusema.