Tumbo la hedhi: brufeni, mefenamiki au panadoli?

Binti wa Kongowea: Dada zangu, nauza nguo sokoni na siku ya kwanza ya hedhi hunimaliza. Mwezi huu chango lilianza alfajiri, nikavumilia. Saa sita mchana, hata kusimama siwezi, ndipo nikameza brufeni moja ya miligramu 200 kwa chai kavu. Nilichopata ni kiungulia tu. Rafiki yangu asema mefenamiki ndiyo kiboko, mama asema panadoli yatosha. Nimsikilize nani?

Mama Swafiya: Mefenamiki, mwanangu. Kula mahamri mawili kwanza, dawa haitaligusa tumbo.

Bi Mfamasia: Mimi nasimama kaunta ya duka la dawa, na kama wewe naona wengi. Kosa lako ni saa kuliko jina la dawa. Ukuta wa mji wa mimba hutoa prostaglandini, nazo ndizo zinazoubana. Ibuprofeni, ndiyo hiyo brufeni yako, na mefenamiki huzuia zisitengenezwe, kwa hiyo ukingoja hadi mchana zimeshajaa. Mwezi ujao, chango la kwanza tu au ukiona damu, kula, umeze ibuprofeni 400. Ukianza saa kumi na mbili asubuhi, ya pili saa nane mchana, ya tatu saa nne usiku. Hapo ni 1200. Usipite bila daktari. Siku mbili tatu, basi. Mefenamiki ni 500 mara tatu, nayo na chakula, lakini sijaona kwamba inaishinda brufeni waziwazi. Chagua moja, kamwe usizimeze pamoja.

Mama Swafiya, chakula hupunguza kuungua, ni kweli. Ila dawa hizi huondoa kinga ya tumbo zikishaingia kwenye damu. Hata ya sindano hufanya hivyo. Mwenye vidonda mahamri hayamwokoi.

Rehema wa Likoni: Mimi nina pumu. Brufeni ilinibana kifua ndani ya feri, watu wakaanza kunipepea kwa leso. Sasa ni panadoli mbili za 500 kila saa sita, na chupa ya maji moto. Yapunguza, haimalizi.

Bi Mfamasia: Kwako ndiyo sawa. Zisizidi nane kwa siku. Panadoli haizigusi sana hizo prostaglandini, ndiyo maana haimalizi.

Juma Bamburi: Mke wangu ana mimba ya miezi saba, mgongo wamuuma. Nimnunulie hiyo mefenamiki?

Bi Mfamasia: La, ndugu yangu! Wala brufeni. Mpeleke kliniki.

Binti wa Kongowea: Shukran. Lakini kiungulia hunijia hata nisipomeza kitu. Wiki jana kiliniamsha usiku.

Bi Mfamasia: Ungelisema hilo mwanzo! Basi brufeni na mefenamiki weka kando, tumia panadoli mpaka tumbo lichunguzwe. Choo kikiwa cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mama Swafiya: Mimi nimemeza mefenamiki miaka kumi, tumbo langu salama.

Rehema wa Likoni: Tumbo lako, mama. Si lake.