Kolamu ya namba kutoka Excel iwe mstari mmoja wenye koma: TEXTJOIN, Notepad++ au Python?

KatibuMwani (Micheweni)

Assalam alaykum wanajukwaa. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mwani huku Micheweni. Malipo nayaweka kwenye Excel, majina kolamu A, shilingi kolamu B, mistari mia mbili na kitu. Kijana mmoja katuandikia programu ndogo ya Python ya kupanga chenji. Ukiipa orodha ya malipo inakwambia benki uombe noti ngapi za elfu kumi, ngapi za elfu tano, mpaka sarafu, ili kila bahasha ijae bila ya kuvunja pesa dukani siku ya malipo. Inataka namba zikae hivi:

```python
malipo = [186000,92500,240000,57750]
```

Nikikopi kolamu B na kupesti, kila namba inakaa mstari wake. Nasikia wengine TEXTJOIN, wengine Notepad++, wengine Word. Ipi inafaa kwa mtu asiyekuwa fundi? Ya Word nimeijaribu, nimebadilisha `^p` kuwa koma. Programu imekubali bila ya kulalamika, ila inanambia noti za elfu kumi: 0.

Yakhe_Chake

Waalaykum salaam yakhe. Mbona unajitesa? Nenda seli yoyote tupu uandike:

```
=TEXTJOIN(",",TRUE,B2:B240)
```

Bonyeza Enter, kopi hiyo seli moja, kwisha kazi. Hiyo ipo kwenye Excel zote. Inachukua unachokiona kwenye kolamu na kukitia koma katikati. Word ni ya kuandikia barua.

Fundi_Mlandege

Yakhe_Chake, fomula yako nzuri, lakini mawili uliyoyasema hayako hivyo. TEXTJOIN imeanza na Excel 2019. Aliye na ya zamani ataona `#NAME?`. Google Sheets inayo. La pili ndilo lenye uzito: TEXTJOIN *haichukui* unachokiona. Inachukua kilichowekwa ndani ya seli. Kinachochukua unachokiona ni kukopi na kupesti, na hapo ndipo noti za katibu zilipopotelea.

Katibu, naamini kolamu yako inaonekana hivi, pamoja na koma za maelfu:

```
186,000
92,500
240,000
57,750
```

Ndani ya seli ya kwanza Excel imeweka 186000. Ile koma ni pambo la kumsaidia msomaji. Ukikopi na kupesti Word au Notepad, pambo linakuja pamoja na namba. Ukishageuza mwisho wa kila mstari kuwa koma, unapata:

```python
malipo = [186,000,92,500,240,000,57,750]
```

Python haijui maelfu. Hapo inasoma namba nane, si nne: 186, kisha 0, kisha 92, kisha 500, na kuendelea. Jumla inakuwa 1,825 badala ya 576,250. Hakuna hata moja inayofika elfu kumi, ndiyo maana noti zimekuwa 0. Na haikulalamika kwa sababu mbele ya Python hiyo ni orodha halali kabisa, hata `000` inaikubali kuwa ni sifuri. Lakini angekuwepo mkulima wa 61,050 ungeona `SyntaxError`, kwa sababu `050` haiikubali. Kwa hiyo orodha ile ile wiki hii inapita na wiki ijayo inagoma, na mtu anadhani kompyuta ina shetani.

Kwa hiyo swali la kwanza si chombo gani. Ni koma za maelfu uziondoe lini, na jibu ni *kabla* ya kuunganisha mistari. Ukishaunganisha, koma ya maelfu na koma ya kutenganisha ni kitu kimoja, hakuna wa kuzitambua. `750,186,000` ni mia saba na hamsini kisha laki na ushei, au ni milioni mia saba? Mwenyewe hutojua.

Maalim_Makunduchi

Na mimi yananikuta haya haya skulini. Namba za wanafunzi wangu ni 0007, 0012, 0145. Nimetumia hiyo TEXTJOIN, imenipa 7,12,145. Sifuri zimekwenda wapi? Na hizo koma mimi sina, kwa hiyo sidhani kama tatizo ni koma.

Fundi_Mlandege

Maalim, lako ni jengine ingawa limetoka mlango huo huo. Seli zako zina 7, na zimepambwa zionekane 0007. TEXTJOIN imevua pambo. Kwa katibu kuvua ndiyo dawa, kwako ndiyo maradhi. Wewe lirudishe pambo ndani ya fomula, na alama za nukuu juu, maana hiyo ni namba ya kumtambulisha mtu, haijumlishwi:

```
=TEXTJOIN(",",TRUE,"'"&TEXT(A2:A60,"0000")&"'")
```

Kwenye Excel 2019 malizia kwa Ctrl+Shift+Enter. Kwenye Google Sheets izungushie `ARRAYFORMULA`. Na hakikisha hakuna seli tupu katikati, kwa sababu tupu itageuka `'0000'` na utapata mwanafunzi ambaye hayupo.

Nahodha_Kizimkazi

Mie natumia Linux, namba nazihifadhi kwenye faili. Watu wengi hukimbilia `tr '\n' ','` lakini hiyo inaacha koma ya ziada mwishoni. Bora `paste`:

```
tr -d '\r,' < namba.txt | paste -sd, -
```

Sehemu ya kwanza inafuta koma za maelfu, pamoja na `\r`, ile alama isiyoonekana ambayo faili la Windows huwa nayo mwisho wa kila mstari. Ukiiacha, namba zinapandana kwenye skrini, unaona kipande cha mwisho tu na unafikiri faili limeliwa. Kwangu hakuna njia ya haraka kuliko hii, na hata mistari laki moja haiishughulishi.

BiTumbatu

Nahodha, katibu kasema si fundi, unampa terminali! Notepad++ inamtosha. Ctrl+H, chagua Regular expression. Mara ya kwanza tafuta `,` na sehemu ya kubadilishia iache tupu. Mara ya pili tafuta `\R`, badilisha kwa `,`. Ukigeuza mpangilio huo umeharibu, kama alivyosema Fundi. Mwisho patabaki koma moja kwa sababu Excel huweka mstari baada ya seli ya mwisho. Python haijali koma ya mwisho ndani ya mabano, lakini ukipeleka kwenye SQL au JSON itakataliwa, basi ifute tu.

Ila kama ningekuwa mimi, huo mstari mmoja nisingeutengeneza kabisa. Mwambie kijana wenu abadilishe mwanzo wa programu ikubali kolamu kama ilivyo:

```python
data = """
186,000
92,500
240,000
57,750
"""
malipo = [int(x.replace(",", "")) for x in data.split()]
print(len(malipo), sum(malipo))
```

Unapesti katikati ya zile nukuu tatu, basi. Mistari mitupu na nafasi za ajabu ajabu `split()` inazimeza. Na nakipenda kitu kimoja zaidi: ikikutana na kisicho namba inasimama. Ukiwa umetumia pambo la Accounting, sifuri huonekana kama kistari, `-`, na hapo utapata `ValueError`. Heri kelele kuliko hesabu mbovu iliyonyamaza.

Yakhe_Chake

Bi, hiyo ndefu. Akibadilisha kolamu B kuwa General kwanza, koma zote zinaondoka, akikopi anapata namba safi. Ctrl+Shift+~ na imekwisha.

Fundi_Mlandege

Hapo uko sawa, Yakhe, maadamu ni namba kweli. Lakini pakiwa na seli zilizoletwa kutoka kwenye ujumbe wa simu au faili la mtu mwengine, inawezekana `186,000` imeingia kama maandishi. Dalili yake: inalalia kushoto ya seli wakati wenziwe wanalalia kulia, na ukibadilisha kuwa General haigeuki. Hiyo hata TEXTJOIN itaileta na koma yake. Kwa kolamu ya mchanganyiko:

```
=TEXTJOIN(",",TRUE,SUBSTITUTE(B2:B240,",",""))
```

Ctrl+Shift+Enter na `ARRAYFORMULA` ni kama nilivyomwambia Maalim. Nyengine ya kujua: seli moja haibebi zaidi ya herufi 32,767. Mistari mia mbili haifiki huko, lakini mwenye elfu kumi atapata kosa badala ya orodha.

Njia yoyote utakayochagua, katibu, hakiki kwa njia moja. Chagua seli za kolamu B kwenye Excel, tazama chini kulia: `Count` na `Sum`. Ziwe sawa na zile mbili anazochapisha Bi Tumbatu. Idadi ikiwa maradufu, ni koma za maelfu. Idadi ikizidi moja na jumla ikawa maradufu ya unayoijua, umechukua na mstari wa Jumla ulioko chini. Hapo Excel na Python zitakubaliana na zote zitakuwa zimekosea, kwa hiyo linganisha pia na daftari.

KatibuMwani (Micheweni)

Ahsanteni sana. Excel yetu ni ya 2013, TEXTJOIN imenipa hiyo `#NAME?`. Kijana kaweka mistari ya Bi Tumbatu, idadi na jumla zimelingana na daftari, noti zimetoka. Moja limebaki. Kuna wanachama hawakuvuna, seli zao nimeziacha tupu. Kijana anataka sasa programu ichapishe na majina kutoka kolamu A. Tupu zikimezwa, majina na pesa si zitapishana?

Fundi_Mlandege

Zitapishana. Kuanzia tupu ya kwanza kila mtu anapewa pesa ya aliye chini yake. Jaza 0 kwenye kila seli tupu, lakini angalia pambo lisiwe lile la Accounting, utarudi kwenye kistari.

BiTumbatu

Mie 0 siiweki. 0 ni kusema kapimiwa akapata sifuri, na huyu hakuleta mwani kabisa. Akopi kolamu A na B pamoja, programu isome jina na pesa mstari kwa mstari, mwenye tupu arukwe na jina lake.

Nahodha_Kizimkazi

Na hapo `split()` yako haifai tena, Bi, jina lina nafasi ndani yake. Kati ya kolamu mbili Excel inaweka tab, kwa hiyo `splitlines()` kwanza, kisha `split("\t")`.

Yakhe_Chake

Mimi niko na Fundi, nasema 0.