Dodoso langu linasema waume wanasaidia nyumbani, mbona mimi sioni?

BintiPangani: Habari wakuu. Niko mwaka wa mwisho, sosholojia. Nachunguza nani anafanya kazi gani nyumbani, kaya 30 hapa Tanga. Swali kuu: "Je, mumeo husaidia kazi za nyumbani angalau mara moja kwa wiki?" Kina mama 24 wamesema ndiyo. Msimamizi wangu amefurahi, eti mfumo dume unakufa. Lakini mmoja alijibu ndiyo huku anachambua mchele, mtoto mgongoni, mume yuko barazani. Anasaidia nini? "Ijumaa hujipigia pasi kanzu yake." Nifanyeje? Nimebakiwa na wiki tatu.

MzeeWaKahawa: Binti, watu wamejibu, unataka nini tena? Mume anatafuta riziki, mke anatunza nyumba, kila mmoja na zamu yake. Hesabu na saa za mwanaume kazini.

MamaWawili: Wangu anajua kupika, lakini mpaka nimwagize, na nimwonyeshe chumvi ilipo. Nimfanyeje?

Mwl_Mstaafu: Mzee, zihesabiwe zote, hapo sina ubishi. Ila hilo la zamu ndilo alilofundisha Talcott Parsons kule Marekani miaka ya 1950, na wanawake wanasosholojia wakamuuliza zamu ya mke inaisha saa ngapi.

Binti, swali lako lilishawaponza wakubwa. Mwaka 1973, wanasosholojia Young na Willmott walitangaza kwamba familia za London zinaelekea kwenye usawa, wakitegemea swali kama lako. Mwenzao Ann Oakley akawapinga: kwa kipimo hicho, hata mume aliyejipigia pasi suruali Jumamosi anahesabika msaidizi. Kanzu yako hiyo! Yeye aliwahoji kina mama 40 wa London, akazipima kazi zao kama zinavyopimwa kazi za kiwandani. Wastani ulikuwa saa 77 kwa wiki.

Rudi kwenye kaya kumi tu. Usiulize "husaidia?", maana neno lenyewe limeshaamua kazi ni ya nani. Pitia na mama siku ya jana, alfajiri hadi kulala, kila nusu saa: alifanya nini, na nini kingine wakati huohuo. Usipouliza hilo la pili, mtoto wa mgongoni hataonekana popote. Kisha uliza nani aliyekumbuka kwamba unga umeisha; hapo ndipo lilipo jibu la MamaWawili. Mume mhoji peke yake, siku ileile ya jana, ulinganishe.

BintiPangani: Shikamoo mwalimu, nimekuelewa. Lakini kaya sita zina dada wa kazi. Saa za mama zikipungua, si itaonekana kuna usawa?

Mwl_Mstaafu: Marahaba. Mhoji na dada, mama asiwepo. Kazi ikitoka kwa mke ikaenda kwa msichana wa kulipwa, mume hajaguswa. Ila namna ya kumweka dada kwenye jedwali la mke na mume, hapo hata mimi nimekwama.

MzeeWaKahawa: Na kuchota maji je? Kwangu nachota mimi.

BintiPangani: Kila siku, mzee?