Mteja amekatwa pesa mara mbili, halafu naambiwa ana papara

Fundi_Mwanjelwa (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, naandika haya nikiwa bado natetemeka kwa hasira. Kampuni ninayoilalamikia kila mmoja wenu anaijua, ile iliyotuahidi kutuunganisha na mitandao yote ya simu kwa mkataba mmoja, kwa hiyo sina haja ya kuitaja.

Nimetengeneza programu ya mauzo kwa ajili ya duka la pembejeo hapa Mbeya. Mhudumu anaandika oda na namba ya mteja, anabonyeza kitufe cha Lipa, kisha ombi la malipo linatokea kwenye simu ya mteja, naye anaweka namba yake ya siri. Leo saa 4:12 asubuhi alikuja mama kutoka Tukuyu kununua mbolea ya shilingi 146,000. Ombi likatokea, akavaa miwani, akasoma jina la duka na kiasi, akaweka namba ya siri taratibu, tarakimu moja baada ya nyingine. Kabla ujumbe wa mtandao haujaingia, sekunde ya 30 ikafika, na hao jamaa wakairudishia seva yetu neno moja tu: `FAILED`. Programu ikaonyesha kwamba malipo yameshindikana, mhudumu akabonyeza tena, ombi la pili likatokea, na mama, kwa kuwa aliambiwa la kwanza halikufaulu, akaweka namba ya siri tena.

Saa 4:16 ziliingia jumbe mbili za mtandao, zote za shilingi 146,000. Mama aliinua simu mbele ya foleni nzima na kuniuliza, "Mwanangu, mbona mmenikata mara mbili?" Nilitamani sakafu ipasuke.

Nikawapigia. Nilisikiliza wimbo wao wa kusubirisha kwa muda ambao mahindi ya Mbozi yangeota, yakakomaa na kuvunwa. Hatimaye mtu akapokea, akanisikiliza, akajibu: "Wateja wenu wa mikoani wana papara." Papara! Mama aliyevaa miwani ili asome kiasi kabla ya kuidhinisha ndiye mwenye papara, na mashine iliyokata tamaa kwa sekunde 30 ndiyo yenye subira?

Kihesa_Juu

Pole sana, mkuu. Kauli hiyo ni ya dharau na haina utetezi. Hata hivyo naomba nikuulize jambo moja, kwa sababu yalinikuta hapa Iringa. Jibu la kweli la muamala wa kwanza lilifika kwenye seva yako baadaye? Kama lilifika, programu yako ililifanyia nini?

Fundi_Mwanjelwa

Lilifika saa 4:16 likiwa na neno `SUCCESS`. Programu ililikataa kwa sababu malipo hayo yalikuwa yamekwisha kuandikwa kuwa yameshindikana. Lakini walioniambia yameshindikana ni wao! Na bado wanasema papara.

Nyanda_za_Juu

Mkuu, dawa ni nyepesi. Ongeza muda wa kusubiri uwe sekunde 120, na ukipita ndipo uandike kwamba yameshindikana. Mimi nimefanya hivyo na sijapata lalamiko hata moja.

Kihesa_Juu

Muda mrefu unapunguza ajali, ndugu yangu, lakini hauiondoi, kwa sababu mtandao ukielemewa jibu linaweza kuja dakika ya tatu au ya kumi. Kosa lenyewe ni kuuchukua ukimya kuwa jibu. Kupita kwa muda maana yake ni kwamba hatujui, na malipo ambayo hatujui hali yake yabaki "yanasubiri" mpaka mtandao wenyewe useme yamelipwa au yamekataliwa kwa sababu inayotajwa.

Muda ukipita, mhudumu asipewe kitufe cha Lipa tena. Apewe kitufe cha kuuliza hali ya muamala uleule kwa namba yake ya kumbukumbu, na seva nayo iendelee kuuliza yenyewe kila baada ya muda mfupi. Kisha hifadhidata yenyewe ikatae malipo ya pili kwa oda moja. Kwa PostgreSQL mimi niliweka hivi:

```sql
CREATE UNIQUE INDEX malipo_hai
ON malipo (oda_id)
WHERE hali IN ('INASUBIRI', 'IMELIPWA');
```

Hapo hata mhudumu akibonyeza mara kumi, mstari wa pili hauingii, na ombi la pili halitoki, mradi uandike mstari kwanza ndipo utume ombi. Lakini kinga hii inavunjika mara tu unapoandika kwamba malipo yameshindikana kwa sababu ya muda kupita. Na jibu la kweli likichelewa, lipokee, usilikatae.

Mpaka_Tunduma

Huo mchezo wa kuchanganya majibu haupo hapa kwetu peke yake. Nina wateja Kenya. Ukituma ombi la M-Pesa, Safaricom wanarudisha `ResponseCode` ya 0 papo hapo, na kijana wangu aliichukulia kuwa pesa imeingia, akaruhusu mzigo utoke. Kumbe 0 ile inasema tu kwamba ombi limepokelewa. Malipo yenyewe yanajulikana kwa `ResultCode` inayokuja baadaye, ambapo 0 ndiyo kulipwa na 1032 ni mteja kughairi. Nilipoteza katoni nane za mafuta ya kupikia. Mkuu, wewe angalau pesa iliingia mara mbili. Mimi haikuingia hata mara moja.

Fundi_Mwanjelwa

Pole kwa katoni. Lakini haijaniingilia mimi mara mbili! Taarifa yao ya leo inaonyesha muamala mmoja tu. Mama amekatwa 292,000, mimi naoneshwa 146,000, na mtu anathubutu kutamka papara.

Kihesa_Juu

Basi chukua zile namba za muamala zilizo kwenye jumbe mbili za mama, kwa sababu hizo zimetolewa na mtandao, si na wao. Zilinganishe na taarifa yao. Namba itakayokosekana ndiyo pesa iliyo mikononi mwa mtu, na wakupe jibu la maandishi iko wapi.

Dada_Njombe

Kwa hiyo mnasema nisubiri? Mimi wateja wangu ombi halitokei kabisa, huu ni mwezi wa pili. Namba inaanza na 0754, naituma Vodacom, kimya.

Nyanda_za_Juu

Dada, hakikisha tarakimu za mwanzo, hizo ndizo zinazoonyesha mtandao.

Dada_Njombe

Ndizo nilizozitumia, na ndizo zilizonidanganya. Mteja mmoja amenijibu leo kwamba alihamia mtandao mwingine na namba yake ileile.

Mpaka_Tunduma

Tangu 2017 kuhama na namba kunaruhusiwa Tanzania, na bado programu nyingi zinakisia mtandao kwa tarakimu za mwanzo. Muulize mteja analipa kwa mtandao gani, kisha uhifadhi jibu lake.

Dada_Njombe

Nimuulize kila mteja? Nina wakulima wa parachichi zaidi ya mia nne, na wengine wana laini tatu katika simu mbili. Hao hao wanaotuunganisha wangeweza kuuliza mtandao wenyewe kabla ya kutuma ombi. Nimewaandikia mara tatu.

Fundi_Mwanjelwa

Wamekujibu nini?

Dada_Njombe

Kwamba wateja wangu wazime simu na kuwasha.