Muhtasari wa simu za wakulima wa mwani ukitoka nje ya ofisi: tukate nini, tubakishe nini?

Karani wa Chake
Assalaam alaykum. Jumuiya yetu ina namba ambayo wakulima wa mwani wanapiga kutoa malalamiko kuhusu mizani ya wanunuzi, na simu zinarekodiwa. Sasa wafadhili na mwandishi mmoja wa habari wanataka muhtasari. Jina na namba ya simu tunafuta, hilo halina ubishi. Ila wengine hapa wanataka kijiji na jina la mnunuzi vibaki, wengine hawataki kabisa. Nyinyi mnaonaje?

Kijana wa Tumbe
Waalaykumu salaam. Futeni jina, namba ya simu na namba ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, inatosha. Shehia ibaki na mnunuzi atajwe. Ripoti ikisema "mahali fulani Pemba" hakuna ofisa atakayefunga safari kwenda kukagua mizani. Mkimficha mnunuzi mnamstiri anayepunja watu.

Ngalawa
Mimi naona mnaanzia mwisho. Kurekodi simu ya mtu bila ya ridhaa yake ni makosa, kwa hiyo hizo simu zote zifutwe.

Karani wa Chake
Ndugu Ngalawa, mpigaji anaambiwa mwanzo kuwa simu inarekodiwa, na anakubali. Suala langu ni muhtasari.

Bi Mkubwa wa Nyaraka
Lakini hapo Ngalawa kagusa kitu, hata kama hakukikusudia. Aliyekubali kurekodiwa ili jumuiya imsaidie hakukubali maneno yake yaende kwa mwandishi wa habari. Hizo ni ruhusa mbili, na ya pili huombwa peke yake.

Sasa tuje kwenye kukata. Kijana wa Tumbe yuko sawa kwamba jina na namba vinatoka. Alipokosea ni kudhani kazi imekwisha hapo. Pemba mtu hajulikani kwa jina tu, anajulikana kwa mambo matatu manne yakikutana. Chukueni mfano huu, wa kutunga, ambao jina na namba vimeshafutwa:

"Mjane wa miaka 43, mama wa mapacha, analima cottonii Makoongwe. Jumatano ya bamvua alipeleka gunia kwa mnunuzi, mizani ikasoma kilo 38. Alilipima tena dukani, likasoma kilo 43. Alisema: '...'" na hapo maneno yake yamenukuliwa kama alivyoyatamka.

Mfadhili wa ng'ambo hamjui huyu mama. Lakini muhtasari unaokwenda kwa wageni hurudi nyumbani: mwandishi atauchapa, mtu ataupiga picha, na kabla ya jua kuchwa uko kwenye simu ya mnunuzi. Basi msiusome kwa jicho la mfadhili. Usomeni kwa jicho la mnunuzi na la jirani wa huyo mama.

Jirani anaishia kwenye "mjane mama wa mapacha", hana haja ya kusoma zaidi. Aina ya mwani nayo inasema mengi, kwa sababu wengi wanalima spinosum, si cottonii. Cottonii haihimili maji yakipata joto, na waliobaki nayo kijijini huenda wakahesabika kwa vidole. Mnunuzi hahitaji hata hayo. Ana buku lake, na gunia la kilo 38 la Jumatano ile limeandikwa mbele ya jina la mtu.

Kijana wa Tumbe
Hilo la buku sikulifikiria, Bi Mkubwa. Lakini kilo tukiziondoa malalamiko yanabaki nini?

Bi Mkubwa wa Nyaraka
Zisiondoke, mwanangu, zibadilishwe sura. Kilo 5 zilizopotea katika 43 ni zaidi kidogo ya kilo 1 katika kila 10. Uzito wa dhuluma umebaki pale pale, ila hakuna mstari wa kutafuta ndani ya buku. Mimi ningeuandika hivi:

"Mkulima mmoja wa mwani, wilaya ya Mkoani, anasema mizani ya mnunuzi ilisoma pungufu kwa zaidi kidogo ya kilo 1 katika kila 10, ikilinganishwa na mizani nyengine. Malalamiko yalipokelewa katika nusu ya kwanza ya mwaka."

Ujane, mapacha na umri vimetoka kabisa kwa sababu havisemi lolote kuhusu mizani. Hiyo ndiyo njia yangu ya kupima: kila kipande nakiuliza kinathibitisha nini katika malalamiko. Kisipothibitisha kitu, kinatoka hata kama kinaonekana hakina madhara. Kikithibitisha, nakipanua mpaka kiwaenee watu wengi: siku inakuwa nusu mwaka, kijiji kinakuwa wilaya.

Na nukuu msiiweke kama ilivyo. Mtu wa Kojani, wa Micheweni na wa Makoongwe hawasemi sawasawa, na msomaji wa Pemba atamweka mpigaji pahala pake kwa neno moja tu. Andikeni maana kwa Kiswahili cha kawaida, bila alama za kunukuu.

Fundi wa Kompyuta, Wete
Naongeza la faili lenyewe, maana muhtasari unaweza kuwa safi na faili likasema yote. Simu nyingi huhifadhi rekodi kwa jina la namna hii:

```
0777XXXXXX_20240508_1642.m4a
```

Namba ya mpigaji, tarehe na saa, vyote vipo. Karani anaandika muhtasari, anaupa jina hilo hilo ili asipotee, kisha anautuma. Jengine ni marekebisho yaliyofichwa: jina ulilolifuta ndani ya Word huku `Track Changes` imewashwa bado limo. Fungueni `File`, `Info`, `Check for Issues`, kisha `Inspect Document`, lakini fanyeni kwenye nakala, kwa sababu kinachoondolewa hapo huenda kisirudi. Na msipake mstatili mweusi juu ya jina kwenye PDF. Mara nyingi maandishi yamelala chini yake, mtu anayanakili na kuyabandika pengine, yanasomeka. Futeni neno lenyewe kwanza, ndiyo mtengeneze PDF.

Karani wa Chake
Tunawapa wapigaji alama, kama M-07, na tunaitumia alama hiyo hiyo kila ripoti. Inafaa?

Bi Mkubwa wa Nyaraka
Ndani ya ofisi inafaa. Nje, hapana. Ripoti ya kwanza ikitaja wilaya ya M-07, ya pili ikataja zao lake na ya tatu mwezi aliopiga, msomaji ataziunga. Kila ripoti inayotoka ipewe alama mpya, na daftari linalounganisha alama na majina likae mbali na mihtasari.

Kijana wa Tumbe
Nimekubali kuhusu mkulima. Kuhusu mnunuzi bado. Mnamlindia nini?

Bi Mkubwa wa Nyaraka
Kwanza, ni maneno ya upande mmoja, na yeye hajaulizwa. Pili, ukimtaja yeye umemtaja na mama. Mnunuzi anamkumbuka aliyebishana naye kwenye mizani. Wakiwa wapigaji kumi wa vijiji tofauti wanaomlalamikia mtu mmoja, hapo nitafikiri upya.

Kijana wa Tumbe
Kumi hawatapatikana. Watu wanamwogopa kwa sababu kamba na taitai wamepewa na yeye, na akiwakasirikia hawana pa kuuza. Kwa kipimo chako atatajwa lini? Mimi nasema iandikwe karatasi mbili: ya wafadhili na mwandishi isiyo na jina, na nyengine ya ofisi yenye mamlaka ya kukagua mizani, ikiwa na jina la mnunuzi na shehia, bila ya lolote kuhusu mkulima.

Bi Mkubwa wa Nyaraka
Karatasi mbili nakubali. Lakini mkaguzi akienda kwa mnunuzi mmoja tu, kijiji kitauliza nani kasema. Aombwe akague wanunuzi wote wa pwani ile siku moja.

Karani wa Chake
Na kama pwani ile ina mnunuzi mmoja tu?

Fundi wa Kompyuta, Wete
Basi mpigieni mama, msomeeni muhtasari neno kwa neno, aseme mwenyewe.

Ngalawa
Na akisema usitumwe?

Bi Mkubwa wa Nyaraka
Usitumwe.

Kijana wa Tumbe
Na wenzake ishirini wanaopunjwa kwa mizani hiyo hiyo?