Mstari mmoja unachechemea na mizani imetimia, nisaidieni

Mwl_Mwanga: Habari zenu wadau, niko Kigoma hapa Mwanga, nafundisha watoto kughani shairi la mahafali na tunaghani kwa ngoma. Kuna ubeti kila tukifika mshororo wa tatu kundi zima linayumba, wengine wanawahi wengine wanachelewa, halafu mshororo wa nne wanakaa sawa tena kama hakuna kilichotokea. Nimehesabu mizani ni nane kwa nane, vina viko sawa, sasa tatizo liko wapi? Ubeti wenyewe huu:

*Karabai zimewaka, zinang'aa vilindini*
*Nyavu zao wazishika, wazivuta mikononi*
*Dagaa tele wafika, na jua likiwa chini*
*Ziwa letu la baraka, latulisha majumbani*

kijana_Kibirizi: Mwalimu vina vyako viko poa kabisa, ka na ni mwanzo mwisho, mimi sioni kosa hapo. Ila siku hizi huku mwaloni karabai zimebaki chache, watu wanatumia taa za sola.

Mwl_Mwanga: Asante mdogo wangu ila sijauliza vina, nimeuliza kwa nini mdomo unajikwaa pale.

DadaVina: Shida ni hilo neno dagaa. Zile a mbili mwishoni zinavutwa kama sauti moja kwa hiyo hapo una mizani saba sio nane. Weka samaki uone, "Samaki tele wafika", itanyooka.

Mzee wa Ujiji: DadaVina umegusa penyewe lakini sababu sio hiyo. Dagaa ni da-ga-a, tatu kamili, nane za mwalimu zimetimia. Hebu mwalimu ghani pole pole huku unapiga meza, uandike kwa herufi kubwa pale sauti inapopanda. Mshororo wa kwanza utapata ka-ra-BA-i zi-me-WA-ka, halafu zi-na-NG'A-a vi-li-NDI-ni. Sauti inapanda kwenye silabi ya tatu na ya saba, pande zote mbili. Wa pili NYA-vu ZA-o wa-zi-SHI-ka, hapo imeongezeka moja mwanzoni lakini ya tatu na ya saba bado zipo. Wa nne vile vile, ZI-wa LE-tu la ba-RA-ka. Sasa njoo wa tatu: da-GA-a TE-le wa-FI-ka. Ya saba ipo, lakini ya tatu haipo, sauti imepanda kwenye ya pili na ya nne. Ngoma yako inadunda ya tatu na hapo pana a ya mwisho ya dagaa ambayo haina nguvu yoyote. Kipande cha pili ndio kile kile, na JU-a li-KI-wa CHI-ni, ngoma inaangukia a ya jua. Nina hakika watoto wako wanaivuta ile "dagaaa" ili waikute ngoma, na wasiovuta ndio wanaowahi.

Mwl_Mwanga: Shikamoo mzee wangu. Ndivyo kabisa wanavyofanya, wale wa mstari wa nyuma wanavuta dagaaa mpaka basi!

Mzee wa Ujiji: Marahaba. Na samaki haitasaidia, ni sa-MA-ki, sauti imepanda palepale kwenye ya pili, ngoma itaangukia ki. Kwenye maneno yetu karibu yote sauti inapanda silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ukitoa neno la silabi tatu ukaweka jingine la silabi tatu mahali pale pale hujahamisha kitu.

DadaVina: Sawa mzee nimekuelewa kwenye samaki. Ila tuseme ukweli, tulivyofundishwa shairi la kimapokeo linapimwa kwa mizani na vina, mkazo hauhesabiwi popote. Huu mshororo hakuna mtu anaweza kuuita guni.

Mzee wa Ujiji: Hakuna, na sijauita guni, kwenye karatasi uko halali. Ungekuwa unasomwa tu kimya kimya au na mtu mmoja anayejua kupumua ungepita na pengine usingegundua. Lakini hapa kuna ngoma na watoto wengi kwa pamoja, na mishororo mingine yote imeshawazoesha pigo moja, ndio maana ule wa tatu unajichomoza.

Mtabora: Naomba kudandia hapa hapa mzee, mimi niko Tabora nimeandika "Mji wa miembe mingi" kila nikihesabu napata saba na jamaa yangu anapata nane, nani yuko sahihi?

Mzee wa Ujiji: Jamaa yako. Hiyo m ya mji inasimama yenyewe, m-ji ni mbili, na sauti inapanda kwenye hiyo m. Ila sikiliza, na wewe una ugonjwa wa mwalimu, M-ji wa mi-E-mbe MI-ngi, ya tatu yako ni "wa" ambayo haibebi kitu. Kama mishororo mingine inadunda ya tatu jaribu "Mji wetu wa miembe", WE inakaa ya tatu na E ya miembe inakaa ya saba. Kina kitabadilika lakini, hapo utajua mwenyewe.

Mtabora: Duh kina changu ni ngi ubeti mzima. Ngoja nikae nao.

Mwl_Mwanga: Sasa mzee wa kwangu nauponyaje?

Mzee wa Ujiji: Dagaa inataka kusogezwa hatua moja mbele ili GA ikae ya tatu. Tanguliza kineno cha silabi moja ambacho hakina sauti yake chenyewe, mfano na: na da-GA-a. Umeshatumia nne, zimebaki nne, "tele wafika" ni tano haiingii, kwa hiyo neno moja la silabi nne, wa-me-FI-ka. "Na dagaa wamefika". Kipande cha pili fanya "jua bado milimani", JU-a BA-do mi-li-MA-ni.

kijana_Kibirizi: Mzee samahani hapo nakataa. Mtu akisimama mwaloni anaangalia ziwa, milima anayoiona ni ya upande wa Kongo, na huko ndiko jua linakozama. Atafikiri wavuvi wanarudi jioni.

Mzee wa Ujiji: Kweli kijana. Basi "jua bado mawinguni", mkazo ni ule ule.

Mwl_Mwanga: Nimejaribu na watoto wachache waliobaki darasani, imetembea bila kuvuta. Ila roho inaniuma "tele" imetoka, maana ubeti wote nilitaka wingi wa dagaa uonekane, jua lilikuwa la kujazia tu.

DadaVina: Si umtoe jua basi. "Na dagaa wamefika, wamejaa mitumbwini". wa-me-JA-a mi-tu-MBWI-ni, ya tatu na ya saba, kina cha "ni" kipo na wingi umerudi.

Mzee wa Ujiji: Hiyo nzuri kuliko yangu, chukua hiyo mwalimu. Nikuombe tu usiende kuzinyoosha beti zote kwa rula moja. Shairi refu likidunda tatu na saba kuanzia mwanzo hadi mwisho watu wanasinzia, mahali pamoja unapotaka washtuke acha sauti ihame makusudi, ila iwe kwenye ubeti wa kuagana na mwambie mpiga ngoma mapema anyamaze hapo.

DadaVina: Hapo mzee hatuko pamoja, watoto watayumba tu hata ngoma ikinyamaza. Mimi ningeacha yote yadunde sawa.

Mwl_Mwanga: Nitaghani nao zote mbili kesho jioni, na mpiga ngoma awepo, nisikie wenyewe wanashika ipi. Ubeti wa karabai nimeshaubadilisha kwenye daftari.

kijana_Kibirizi: Na karabai weka sola basi mwalimu

Mwl_Mwanga: Ka-ra-ba-i nne, so-la mbili, nitafutie silabi mbili nyingine za kutangulia kwanza.