Mchepuko sanifu wa darasa langu: nigawe kwa n au n-1? Ripoti inatakiwa kesho asubuhi

Mwalimu_Nyasaka:
Wakuu habari za jioni. Nafundisha hesabu Kidato cha Tano, tahasusi ya PCM, shule moja huku Ilemela. Darasa lina wanafunzi 10 tu. Kesho asubuhi napeleka ripoti ya mtihani wa katikati ya muhula, na fomu ina kisanduku cha mchepuko sanifu. Kwenye Excel nimeandika `=STDEV.P(C2:C11)`, inayogawa kwa n yaani idadi ya wanafunzi, ikanipa 24.43. Mwalimu wa taaluma kabonyeza kalkuleta yake, kasoma kwenye `sx`, inayogawa kwa n-1, kapata 25.75. Tunabishana tangu mchana. Nani yuko sahihi? Mimi 24.43 nimeshaijaza kwa kalamu ya wino, kwa hiyo nipeni hoja za kuitetea.

Ngosha_Igoma:
Mkuu hilo jepesi. Watu wasiofika 30 unagawa kwa n-1, wakivuka 30 unagawa kwa n. Wewe una 10. Taaluma kakushinda, tafuta kifutio cha wino.

Mizani_ya_Mwaloni:
Mimi si mwalimu, nanunua sangara pale Mwaloni Kirumba. Boti ikifika siwezi kupima samaki wote, nachota wachache, napima mmoja mmoja, hapo najua mzigo mzima umepishana kiasi gani. Kijana anayeniandikia mahesabu huwa anagawa kwa n-1 na hatujawahi kugombana. Ugomvi wangu ni na wavuvi wanaopanga wakubwa juu ya tenga.

Mama_Buswelu:
Walimu mnagombania desimali, mwanangu yuko kidato cha tatu kugawanya kwa mkono hawezi. Haya endeleeni.

Bi_Takwimu:
Ngosha, hiyo 30 haiamui chochote hapa. Idadi ikiwa kubwa majibu mawili yanakaribiana, basi, ndiyo maana watu wanaacha kujali. Kwa 10 yanapishana kama asilimia 5, kwa 40 ni kama asilimia 1. Kinachoamua ni unachotaka kusema. Mwalimu akitaka kusema "hawa wanafunzi wangu wamepishana hivi", hao ndio wote anaowazungumzia, anagawa kwa n. Wa Mwaloni yeye anazungumzia samaki ambao hajawagusa, ndiyo maana n-1 inamfaa.
Sasa mwalimu, unawazungumzia nani? Na alama zenyewe zikoje, ya chini na ya juu?

Mwalimu_Nyasaka:
Nawazungumzia darasa langu tu, kwa hiyo naona nimeshinda. Ingawa mkuu wa shule anataka pia tujilinganishe na shule moja ya Magu, na mchepuko ukiwa mdogo tunaonekana darasa limelingana. Ya chini ni 42, ya juu 72.

Kipimajoto:
Subirini kidogo. Kutoka 42 hadi 72 ni upana wa 30. Ukigawa kwa n, mchepuko hauwezi kuvuka nusu ya upana, yaani 15, tena kuifikia hiyo 15 lazima nusu ya darasa wapate 42 na nusu nyingine 72. Huyu ana 24! Hata ya taaluma, kwa watu 10, haiwezi kuzidi 15.8. Wakuu, hii ni chai. Hakuna darasa, hakuna taaluma, hakuna wino.

Ngosha_Igoma:
😂😂 Chai ya maziwa na sambusa juu. Mleta mada kaenda kuoga ziwani.

Mwalimu_Nyasaka:
Nipo. Nitunge uzi wa mchepuko sanifu ili nipate nini? Alama ni hizi: 42, 48, 50, 55, 58, 61, 70, 72.

Kipimajoto:
Hizo ni nane. Ulisema 10.

Mwalimu_Nyasaka:
Wawili hawakufanya mtihani, walirudishwa nyumbani ada. Kwao nimeweka 0, seli ya C10 na C11. Ni utaratibu wa shule, asiyefanya anapata sifuri. Sikuona kama inahusu swali, mimi nimeuliza kanuni.

Mama_Buswelu:
Mtoto anafukuzwa ada halafu anapewa sifuri! Na nyie mnajiita walezi.

Ngosha_Igoma:
Wanatokea wapi? Kama ni Sengerema siku hizi daraja la Kigongo–Busisi lipo, kisingizio cha kivuko kimekufa.

Bi_Takwimu:
Swali limejijibu hapo. Tuchukue wale nane. Jumla yao ni 456, wastani 57. Umbali wa kila mmoja kutoka 57 ni -15, -9, -7, -2, 1, 4, 13, 15. Ukizidisha kila umbali kwa wenyewe na kujumlisha unapata 770. Gawa kwa 8 ni 96.25, kipeo chake cha pili 9.81. Gawa kwa 7 ni 110, kipeo 10.49. Kwa hiyo mnachobishania tangu mchana ni kama nukta saba ya alama moja. Sifuri mbili zimeutoa mchepuko 9.81 zikaupeleka 24.43, na wastani zikaushusha kutoka 57 hadi 45.6, alama ambayo hakuna aliyeikaribia zaidi ya yule wa 48.

Mizani_ya_Mwaloni:
Dada hapo nimekuelewa. Lakini kwa nini n-1? Kijana wangu husema "ndivyo ilivyo".

Bi_Takwimu:
Tufanye hawa nane wamechotwa kwa bahati nasibu kutoka kundi kubwa ambalo wastani wake wa kweli ni 60. Ukipima umbali wao kutoka 60, jumla inakuwa 842, si 770. Alama zinakuwa karibu zaidi na wastani wao wenyewe kuliko wastani wowote mwingine, kwa hiyo ukiutumia huo mchepuko unatoka mdogo kuliko inavyopaswa. 842 kwa 8 ni 105.25. Linganisha: 770 kwa 8 ni 96.25, kwa 7 ni 110. Si kila safari itaangukia karibu hivyo, ila ukichota mara nyingi mno, kugawa kwa n-1 ndiko kunakoleta wastani sahihi kabla ya kutafuta kipeo.

Ngosha_Igoma:
Basi kama wawili hawapo, nane si ni sampuli ya 10? n-1 inarudi palepale. Nimeshinda kwa penalti.

Bi_Takwimu:
Umekaribia, ila hawakuchotwa kwa kura. Waliokosekana ni wa ada, na huenda wamekosa vipindi pia. Ni yale matenga ya wavuvi, n-1 haiwezi kukuambia kilichoko chini.

Mwalimu_Nyasaka:
Sawa, lakini taaluma kasema kisanduku hakiachwi wazi, na utaratibu wa sifuri si wangu.

Bi_Takwimu:
Sifuri ibaki kwenye ripoti ya mwanafunzi kama ndiyo sheria yenu, hiyo mtabishana kikaoni. Kwenye kisanduku andika 9.81, pembeni "waliofanya 8 kati ya 10". Kwenye Excel weka neno "hakufanya" badala ya 0, `STDEV.P` italiruka. Usitumie `STDEVPA`, hiyo inahesabu neno kama sifuri na utarudi 24.43.

Kipimajoto:
Na kabla ya kujilinganisha na Magu, waulize wao wasiofanya mtihani waliwajazia nini. Vinginevyo mtashindanisha sifuri.

Mwalimu_Nyasaka:
Nimempigia mwenzangu wa kule. Anasema kwao ni `STDEV` tu, bila P wala S, na wasiofanya hajui waliandikwaje, aliyejaza yuko likizo.

Kipimajoto:
`STDEV` tupu ni ya n-1. Hiyo unaigeuza ukijua idadi yao. Ya wasiofanya, msubiri arudi likizo.

Ngosha_Igoma:
Mimi bado naona ni chai.